Mgawanyo Ukikaribia, Kigeu Huenda Hakijakaribia

Mtu akikuambia kwamba mfuatano wa vigeu nasibu X₁, X₂, X₃, … unakaribia kigeu X, mwulize jambo moja kabla hujaendelea: ni thamani za vigeu zinazokaribiana, au ni migawanyo yake tu? Wanafunzi wengi wa takwimu huyachanganya mambo haya mawili kwa sababu mifano ya kwanza darasani huyapa jibu moja. Hapa tutayatenganisha kwa sarafu, kwanza katika mfano mdogo unaoweza kuukagua kwa kichwa, kisha katika nadharia ya kikomo cha kati, ambako tofauti hiyo ina uzito wa kweli.

Anza kwa kutofautisha kigeu nasibu na mgawanyo wake. Kigeu nasibu ni kanuni inayotoa namba kwa kila tokeo la jaribio: sarafu ikianguka hivi, andika 1, ikianguka vile, andika 0. Mgawanyo ni muhtasari wa kanuni hiyo: thamani 1 hupatikana kwa uwezekano wa nusu, na thamani 0 kwa nusu iliyobaki. Muhtasari hausemi ni tokeo lipi lililozaa namba ipi. Habari hiyo imetupwa, na hasara hiyo ndiyo chanzo cha kila kitu kitakachofuata.

Fasili mbili, ziweke kando kwa kando

X_n inakaribia X kwa uwezekano iwapo, ukichagua kipimo chochote ε kilicho kikubwa kuliko sifuri, hata kiwe kidogo namna gani, basi

P(|X_n − X| > ε) → 0 kadiri n inavyokua.

Angalia kilichomo ndani ya mabano. Kuna tofauti X_n − X, na ili uitoe tofauti hiyo ni lazima vigeu vyote viwili viwe vimepimwa katika jaribio lile lile. Sarafu inarushwa mara moja, unasoma X_n, unasoma X, unatoa. Fasili inadai kwamba jaribio ambalo namba hizo mbili zinaachana kwa zaidi ya ε liwe adimu, na lizidi kuwa adimu bila kikomo.

Kwa fasili ya pili unahitaji mgawanyo limbikizi. Andika F_n(x) kwa uwezekano kwamba X_n haizidi x, na F(x) kwa uwezekano kwamba X haizidi x. X_n inakaribia X kwa mgawanyo iwapo

F_n(x) → F(x)

katika kila x ambapo F hairuki ghafla. Sasa hakuna tena tofauti X_n − X popote. F_n imehesabiwa peke yake na F peke yake. X_n inaweza kutoka kwenye jaribio lililofanyika Morogoro na X kutoka kwenye jaribio la Kisumu, na fasili ingali na maana kamili. Fasili ya kwanza katika hali hiyo haisomeki hata kidogo, kwa kuwa hakuna jaribio moja linalotoa namba zote mbili.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza unachoweza kukitumia ni cha kusoma tu: je, dai lililo mbele yako linahitaji kujua X_n na X kwa pamoja? Likihitaji, mgawanyo wa kila kimoja peke yake hautakutosha.

Sarafu moja, kanuni mbili

Rusha sarafu isiyopendelea upande. X iwe 1 ikitokea kichwa, na 0 ukitokea upande wa pili. Kisha kwa kila n weka X_n = 1 − X.

Kagua mgawanyo. X_n ni 1 pale X ilipo 0, jambo linalotokea kwa uwezekano wa nusu, na ni 0 kwa nusu nyingine. Huo ndio mgawanyo wa X wenyewe. F_n ni sawa na F katika kila x, tangu n = 1. Kwa mgawanyo hakuna hata safari ya kukaribia: tumeshafika.

Sasa kagua uwezekano. Kikitokea kichwa, X ni 1 na X_n ni 0. Ukitokea upande wa pili, X ni 0 na X_n ni 1. Katika matokeo yote mawili |X_n − X| ni 1 kamili. Chukua ε = 1/2, na P(|X_n − X| > 1/2) ni 1 kwa kila n. Haishuki kuelekea sifuri, haitikisiki.

Mfano huu unatosha kuvunja dai kwamba kukaribia kwa mgawanyo kunaleta kukaribia kwa uwezekano. Hata hivyo msomaji makini atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi la haki: mfuatano huu haukaribii X, sawa, lakini unakaribia kigeu kingine kwa uwezekano, yaani 1 − X, kwa sababu haubadiliki kabisa. Labda basi kila mara mgawanyo unapotulia kuna kigeu fulani kinachokaribiwa kwa uwezekano, ila sisi tumetaja kile kisicho chake?

Hapana, na kulionyesha hilo kunahitaji badiliko dogo. Fanya X_n iwe X kila n inapokuwa witiri, na 1 − X kila inapokuwa shufwa. Mgawanyo bado ni nusu kwa nusu daima. Sasa tuseme kuna kigeu Y ambacho mfuatano unakikaribia kwa uwezekano. Hatua za witiri peke yake zinalazimisha Y iwe X, na hatua za shufwa zinalazimisha Y iwe 1 − X. Lakini X na 1 − X haziwi sawa katika tokeo lolote. Y haiwezi kuwepo. Mgawanyo umetulia kabisa, ilhali kigeu kinarukaruka milele.

Hapa pia umepata chombo cha kazi. Ukitaka kuthibitisha kwamba mfuatano haukaribii kigeu chochote kwa uwezekano, huna haja ya kukisia kigeu hicho. Linganisha wanamfuatano wenyewe kwa wenyewe. Iwapo X_n inakaribia Y na X_m inakaribia hiyo hiyo Y, basi X_n na X_m lazima zikaribiane, kwa kuwa |X_n − X_m| haizidi |X_n − Y| + |Y − X_m|. Zikikataa kukaribiana, hakuna Y.

Upande unaoshikilia

Kinyume chake ni kweli: kukaribia kwa uwezekano kunaleta kukaribia kwa mgawanyo. Thibitisho lake ni fupi na linafaa kukaa akilini, maana linaeleza pia kile kifungu cha ajabu kuhusu x ambapo F hairuki.

Tuseme X_n haizidi x. Basi ni moja kati ya mawili: ama X haizidi x + ε, ama X imeachana na X_n kwa zaidi ya ε. Hivyo

F_n(x) ≤ F(x + ε) + P(|X_n − X| > ε).

Kwa hoja ile ile ukibadilishana nafasi za vigeu,

F(x − ε) ≤ F_n(x) + P(|X_n − X| > ε).

Acha n ikue, na uwezekano wa kuachana unatoweka. F_n(x) imebanwa kati ya F(x − ε) na F(x + ε). Kisha ipunguze ε. Kama F hairuki pale x, kingo zote mbili zinakutana kwenye F(x), na F_n(x) haina pa kwenda isipokuwa hapo.

Kama F inaruka, kingo hazikutani, na kweli mambo huweza kwenda kombo. Chukua X_n ambayo daima ni 1/n, na X ambayo daima ni 0. Hakuna atakayekataa kwamba 1/n inakaribia 0. Lakini F_n(0) ni 0 kwa kila n, kwa sababu 1/n haiwi chini ya wala sawa na sifuri, huku F(0) ni 1. Bila kile kifungu, fasili ingeukana mfano ulio wazi kuliko yote. Ukiona mwanafunzi ameangusha kifungu hicho katika fasili yake, mpe mfano huu.

Pale inapotokea kweli: nadharia ya kikomo cha kati

Mtu anaweza kudhani 1 − X ni hila ya darasani. Basi tuchukue tokeo lililo kongwe kupita mengi katika somo hili. Mwaka 1733 Abraham de Moivre alionyesha jinsi hesabu za kurusha sarafu mara nyingi zinavyofuata mchirizo wa umbo la kengele. Kwa lugha ya leo: kila mrusho uandikie +1 kikitokea kichwa na −1 ukitokea upande wa pili, jumlisha mirusho n ya kwanza upate S_n, kisha weka

Z_n = S_n / √n.

Z_n inakaribia mgawanyo wa kawaida, wenye wastani 0 na mkengeuko sanifu 1. Inaukaribia kwa mgawanyo. Je, kuna kigeu Z ambacho Z_n inakikaribia kwa uwezekano? Yaani, mtu akikaa kurusha sarafu ile ile siku nzima na kuandika Z_n yake baada ya kila mrusho, je, namba anazoziandika zitatulia mahali?

Tazama kwanza kwa namba. Tuseme baada ya mirusho 400 jumla ni 30. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20, hivyo Z₄₀₀ = 1.5. Anaendelea na mirusho mingine 400. Jumla ya hiyo mipya, peke yake, ina mkengeuko sanifu wa 20, kwa hiyo kupata −20 si ajabu hata kidogo. Ikitokea hivyo, jumla ya mirusho yote 800 ni 10, kipeuo cha pili cha 800 ni takribani 28.28, na Z₈₀₀ inakuwa 0.35. Imetoka 1.5 ikaanguka hadi 0.35, bila tukio lolote lisilo la kawaida kutokea. Na ukianza na mirusho milioni badala ya 400, kisha ukaongeza milioni nyingine, hesabu ni ile ile. Kukua kwa n hakutuliza kitu.

Sasa kwa ukamilifu. Andika Z'_n kwa jumla ya mirusho n ya pili iliyogawanywa kwa √n. Ina mgawanyo sawa na Z_n, na haitegemei Z_n kwa namna yoyote. Jumla ya mirusho 2n ni jumla ya sehemu hizo mbili, hivyo

Z_2n = (Z_n + Z'_n) / √2.

Toa Z_n pande zote:

Z_2n − Z_n = 0.707 × Z'_n − 0.293 × Z_n,

kwa kuwa 1/√2 ni takribani 0.707, na 1 − 0.707 ni 0.293. Kwa vigeu visivyotegemeana, vipeo vya pili vya mikengeuko sanifu hujumlishwa: 0.5 na 0.086 ni 0.586, ambayo kwa ukamilifu ni 2 − √2. Mkengeuko sanifu wa tofauti yetu ni takribani 0.765, na haumo n ndani yake. Kadiri n inavyokua, tofauti Z_2n − Z_n yenyewe inakaribia mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko huo. Ukisoma jedwali la mgawanyo wa kawaida utapata kwamba uwezekano wa tofauti hiyo kuzidi 0.5, kwa upande wowote, unaelekea takribani 0.51.

Kumbuka chombo cha sarafu ya witiri na shufwa. Kama Z ingekuwepo, uwezekano huo ungepaswa kwenda sifuri. Unakwenda 0.51. Z haipo.

Sababu ya ndani ni kwamba Z_n husahau. Uhusiano kati ya Z_n na Z_kn, ukipimwa kwa kizigeu cha uwiano, ni 1/√k. Baada ya kuzidisha idadi ya mirusho mara 100, uhusiano umebaki 0.1 tu, baada ya mara 10,000 ni 0.01. Thamani ya mwanzo inamezwa na mirusho iliyofuata. Kinachodumu ni umbo la mgawanyo.

Jipimie mwenyewe kwenye kompyuta

Programu fupi ya Python inayafanya yote mawili kwa mpigo. Inaiga warushaji 5,000, kila mmoja akirusha mara 800.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(1)
n, m = 400, 5000
S = rng.choice([-1, 1], size=(m, 2*n)).cumsum(axis=1)
Zn  = S[:, n-1] / np.sqrt(n)
Z2n = S[:, 2*n-1] / np.sqrt(2*n)
print(Zn.std(), Z2n.std())
print(np.mean(np.abs(Z2n - Zn) > 0.5))
```

Mstari wa kwanza wa majibu utakupa namba mbili zilizo karibu na 1: migawanyo inakubaliana. Mstari wa pili utakupa namba iliyo karibu na 0.51: warushaji kama nusu wamehama kwa zaidi ya 0.5. Badilisha n iwe 100 au 1,000, na mstari wa pili hautasogea kwa namna ya maana.

Jihadhari na kosa ambalo ni rahisi kulifanya mbele ya skrini. Ukichora histogramu ya Zn na histogramu ya Z2n, zitafanana kiasi cha kukushawishi kwamba kitu kimetulia. Lakini histogramu imeshapanga upya warushaji wote bila majina yao. Haiwezi kukuonyesha nani amehama. Unapotaka kujua juu ya kukaribia kwa uwezekano, chora jozi: Zn kwenye mhimili mmoja na Z2n kwenye mwingine, nukta moja kwa kila mrushaji. Vigeu vinavyokaribiana vitapanga nukta juu ya mstari wa mshazari na kuzidi kuubana kadiri n inavyokua. Hapa utaona wingu pana, na litabaki pana.

Kikomo kikiwa namba moja, tofauti hutoweka

Kuna hali moja ambapo unaweza kurudi kutoka mgawanyo hadi uwezekano: X ikiwa namba isiyobadilika, tuseme c. Hapo F ni 0 kabla ya c na 1 kuanzia c, na inaruka pale c tu. Uwezekano kwamba X_n iko nje ya umbali ε kutoka c hauzidi F_n(c − ε) + 1 − F_n(c + ε). Nukta zote mbili ziko mbali na mruko, kwa hiyo F_n inakwenda 0 katika ya kwanza na 1 katika ya pili, na jumla nzima inakwenda sifuri. Hoja hii inawezekana kwa sababu c haina matokeo ya kulinganishwa nayo. Ni ile ile sarafu ikianguka upande wowote. Habari iliyotupwa na mgawanyo, katika hali hii, haikuwa na kitu ndani.

Ndiyo maana mifano ya mwanzo darasani hudanganya. Sheria ya namba kubwa, iliyothibitishwa na Jacob Bernoulli katika kitabu chake kilichochapishwa 1713, inasema sehemu ya vichwa inakaribia uwezekano wa kichwa, na huo ni namba moja. Mwanafunzi aliyezoea hapo anaingia kwenye kikomo cha kati akiwa na mazoea yasiyomfaa.

Unapojumlisha na kugawanya

Madhara ya kuchanganya fasili hizi huonekana zaidi unapounganisha mifuatano miwili. X_n ikikaribia X kwa uwezekano na Y_n ikikaribia Y kwa uwezekano, X_n + Y_n inakaribia X + Y. Kwa mgawanyo, sheria hiyo haipo. Chukua X yenye mgawanyo wa kawaida, weka X_n = X na Y_n = −X. Kila mmoja una mgawanyo wa kawaida, lakini jumla yao ni 0 daima. Weka sasa Y_n = X, na jumla ni 2X, yenye mkengeuko sanifu 2. Migawanyo ya X_n na Y_n ni ile ile mara zote mbili, majibu ni tofauti.

Kinachookoa kazi ya kila siku ni tokeo linalobeba jina la Slutsky: X_n ikikaribia X kwa mgawanyo, na Y_n ikikaribia namba isiyobadilika c, basi unaruhusiwa kujumlisha, kuzidisha, na, kama c si sifuri, kugawanya.

Tuione kazini. Umerusha sarafu usiyoijua mara 400, ukapata vichwa 220. Kadirio la uwezekano wa kichwa ni p̂ = 0.55. Kikomo cha kati kinasema √n(p̂ − p) inakaribia, kwa mgawanyo, mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko sanifu √(p(1 − p)). Lakini p huijui, kwa hiyo unagawanya kwa √(p̂(1 − p̂)) badala yake. Una haki gani ya kufanya hivyo? Haki inatoka kwa Bernoulli: p̂ inakaribia p kwa uwezekano, na p ni namba moja, hivyo kigawanyo chako kinakaribia namba moja, na Slutsky anakuruhusu. Hesabu: √(0.55 × 0.45 / 400) ni takribani 0.0249, ukizidisha kwa 1.96 unapata 0.049, na kipindi chako cha asilimia 95 kinaanzia takribani 0.501 hadi 0.599.

Ruhusa hiyo ina mpaka. Kama p yenyewe ni 0 au 1, kigawanyo kinakaribia sifuri na hoja inakatika. Utaitambua hali hiyo kwa urahisi: ukipata vichwa 400 kati ya 400, fomula itakupa kipindi chenye upana wa sifuri, kana kwamba una hakika kamili. Hapo acha fomula, tumia mgawanyo wa binomia wenyewe: kwa kiwango kile kile cha asilimia 95, tafuta p ndogo kabisa inayoifanya p⁴⁰⁰ isiwe chini ya 0.05, nayo ni takribani 0.9925.